Mfuko wa zamani umefutwa, je, michango nayo?

“Mfuko wangu wa pensheni ulishaunganishwa, kwa hiyo nahesabu michango upya tangu 2018.”

Hapana. Mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma Tanzania ilipounganishwa Agosti 2018, mali, madeni na wanachama vilihamia mfuko mpya, PSSSF, pamoja na miezi yao ya uchangiaji.

Chukua mwalimu wa Ilemela aliyeanza kuchangia Januari 2009. Hadi Julai 2018 ana miezi 115. Pensheni ya kila mwezi inadai, pamoja na masharti mengine, miezi 180. Alibakiza 65 tu, akaikamilisha Desemba 2023. Angeanza upya, angengoja hadi Julai 2033.

Hofu hiyo haikutoka hewani, maana haki huhama kwa sheria lakini kumbukumbu huhamishwa na watu. Omba taarifa ya michango, uilinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi, hasa miezi uliyohama halmashauri, tuseme kutoka Sengerema kuja Mwanza mjini. Mwezi uliokatwa mchango kwenye hati lakini haumo kwenye taarifa, peleka nakala kwa ofisa utumishi na kwenye mfuko, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.