Kushtuka Usiku kwa Hofu Kali: Maswali na Majibu

Nashtuka usingizini moyo unadunda, jasho linanitoka, natetemeka na naona kama nakufa. Wala sikuwa naota. Ni nini hiki?

Huenda ni shambulio la hofu la usiku. Mwili unajiandaa kukimbia hatari ambayo haipo: moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, vidole vinaingia ganzi, kifua kinabana, na akili inakuambia kwamba sasa ndiyo mwisho wako. Hofu hiyo hupanda haraka, hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Kwa watu wengi yote huisha ndani ya nusu saa, ukibaki na uchovu tu.

Nimesema "huenda" kwa makusudi. Kama hii ni mara yako ya kwanza na hujawahi kupimwa, hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia kwamba ni hofu, si rafiki yako, si wewe mwenyewe, na wala si mimi kwa maandishi haya. Shambulio la kwanza lenye maumivu ya kifua au pumzi kukata hupelekwa hospitali usiku huohuo. Halisubiri asubuhi.

Mke wangu anasema hizo ni ndoto mbaya tu. Nitazitofautishaje?

Jiulize kwanza, kulikuwa na kisa? Anayeamshwa na ndoto mbaya anaweza kusimulia kwamba alikuwa anafukuzwa, au amemwona mtu fulani amekufa. Akishatambua kwamba ilikuwa ndoto, moyo unaanza kutulia. Kwenye shambulio la hofu hakuna kisa. Unaamka tayari umeshikwa, na badala ya kutulia unapojitambua, hofu inazidi kupanda kwa sababu sasa unausikiliza moyo wako.

Saa nayo inasaidia. Ndoto za kutisha huja zaidi nusu ya pili ya usiku, kuelekea alfajiri, kwa sababu ndipo usingizi wa ndoto unapokuwa mwingi. Shambulio la hofu mara nyingi huja saa moja hadi tatu baada ya kulala, usingizi unapotoka kwenye wepesi kuingia kwenye uzito, wakati ambapo ndoto ni chache.

Kuna na jinamizi, lile la kuamka ukiwa na akili zako lakini mwili haunyanyuki, kama umekaliwa kifuani. Hilo hupita kwa sekunde au dakika chache. Mwenye shambulio la hofu hana shida ya kusogea. Mara nyingi ameruka kitandani kabla hajajua anakwenda wapi. Na mtoto anayepiga mayowe usiku bila kukutambua, kisha asubuhi hakumbuki kitu, ana tatizo jingine. Mtu mzima aliyepatwa na shambulio la hofu hukumbuka kila dakika.

Asubuhi nilipima presha, ikawa sawa. Si basi ni hofu tu?

Hapana. Presha ya asubuhi haielezi kilichotokea kwenye moyo saa sita usiku. Hili tunaliona mno: mtu amepima presha mara moja, amejipa jina la ugonjwa, na miezi inapita. Mwambie daktari akupime umeme wa moyo, sukari, wingi wa damu na utendaji wa tezi ya shingo, kisha mweleze usiku wako ulivyo, kwa sababu yapo matatizo ya kawaida yanayofanana sana na hofu.

Ukiamka na kikohozi na kifua kinalia filimbi, hiyo inaelekea kwenye pumu. Ukiwa unakoroma sana, unaamka kama aliyekabwa, pumzi inarudi ndani ya sekunde chache na mchana unasinzia, basi njia ya hewa inaziba ukiwa umelala. Ukilazimika kuketi au kulala kwa mito mingi ili upumue, na miguu inavimba jioni, moyo unahitaji kuchunguzwa bila kuchelewa. Na kama una kisukari unachotibu kwa insulini au kwa vidonge vinavyoshusha sukari, jasho na kutetemeka usiku ni sukari iliyoshuka mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Pima. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, au huna kipimo karibu, kunywa maji yenye vijiko vidogo vinne vya sukari, kisha pima tena baada ya dakika 15. Mazoezi ya kupumua hayapandishi sukari.

Mimi nilishapimwa, nikaambiwa ni hofu. Juzi kifua kilibana tena nikasubiri kupambazuke. Nilikosea?

Kama lilikuwa shambulio lilelile unalolijua, likapanda na kushuka kwa mwendo uleule, hukukosea. Kama lilikuwa tofauti, ulikosea, na usirudie.

Kuwa na hofu hakumkingi mtu na ugonjwa wa moyo. Maumivu ya kukandamiza kifua yanayopita dakika 15 bila kupungua ni ya hospitali. Yakienda begani, mkononi, kwenye taya au mgongoni, au yakija pamoja na jasho la baridi, kutapika au kuzimia, usihesabu hata hizo dakika 15. Ondoka, na usiendeshe gari mwenyewe. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kuwa na shambulio la moyo lenye maumivu kidogo tu, likajionyesha kwa pumzi fupi, kichefuchefu na uchovu wa ghafla.

Watu wanaona aibu kumwamsha daktari kisha waambiwe "ni hofu". Afadhali uambiwe hivyo mara tano kuliko kukaa nyumbani ile mara moja ambayo si hofu. Usisubiri asubuhi.

Nililala saa nne usiku. Saa sita kasoro robo nikaruka kitandani, vidole vina ganzi, hewa haitoshi, nataka kukimbia nje. Nimeshapimwa, moyo ni mzima. Nifanye nini hasa?

Keti ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili sakafuni, na uwashe taa hafifu. Tazama saa: ni saa sita kasoro robo. Uishike hiyo, kwa sababu hofu inakuambia haitaisha, na saa itakuonyesha kwamba ifikapo saa sita kasoro dakika tano hivi kilele kitakuwa kimefika au kimepita. Jiambie kwa sauti: "Hili ni shambulio la hofu. Linatisha, lakini litapita."

Kisha pumzi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Watu waliokuzunguka watakuambia uvute pumzi kubwa. Usivute. Umeshavuta hewa nyingi kupita kiasi, na kwa kuhema haraka umeitoa hewa ukaa mwilini kuliko inavyotakiwa. Upungufu huo ndio unaoleta ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu, na ile hali ya kuona hewa haitoshi. Ukizidisha kuvuta, unazidisha ganzi.

Kinachotakiwa ni kutoa polepole. Weka kiganja juu ya kitovu. Vuta hewa kidogo kwa pua ukihesabu hadi 4, kiganja kiinuke na mabega yatulie. Toa kwa midomo iliyobanwa, kama unayepuliza chai ya moto, ukihesabu hadi 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Endelea dakika 5. Ikiwa 4 kwa 6 inakupa hali ya kukabwa, anza na 3 kwa 4, mradi kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Dakika mbili za kwanza utaona haifai kitu. Endelea.

Ganzi ikianza kupungua, kunja ngumi kwa nguvu sekunde 5, achia sekunde 10, kisha mabega, kisha miguu. Usishike mshipa wa mkono kuhesabu mapigo kila mara, maana kila ukihesabu unaupa moyo sababu ya kwenda mbio. Usipumulie ndani ya mfuko. Kama kumbe ni pumu au moyo, unajinyima hewa unayoihitaji. Na ule mwendo wa kukimbilia nje uzuie kwa upole. Ukikimbia kila mara, ubongo unajifunza kwamba chumba ndicho kilichokuwa hatari.

Baada ya dakika 20 hivi, kama usingizi haujarudi, kakae kwenye kiti, mwanga hafifu, simu iwe mbali. Rudi kitandani macho yakianza kuwa mazito.

Rafiki alinipa kidonge cha usingizi na kilinisaidia. Niendelee nacho?

Usiendelee, tafadhali. Kidonge cha aina ya diazepamu ukikimeza baada ya kushtuka huchukua muda kufanya kazi, na kufikia hapo shambulio lilikuwa linaisha lenyewe. Wewe unakipa kidonge sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wako, na kesho huthubutu kulala bila hicho. Ukikizoea kwa wiki kadhaa kisha ukakiacha ghafla, hofu inarudi kwa nguvu zaidi, na wengine hupata degedege. Kama umeshakitumia kwa muda, daktari akupunguzie polepole. Ukikichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama usingizini.

Pombe peke yake nayo si dawa. Inakulaza haraka, lakini inapoisha mwilini usingizi unakatika na moyo unaenda mbio, kwa hiyo unatengeneza kilekile unachokikimbia. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana.

Sasa naogopa kulala kabisa, nakesha. Nitapona?

Kukesha kunaongeza mashambulio, kwa hiyo hili lisiachwe. Amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na usilale mchana kufidia. Kama mashambulio yamejirudia, au umekaa mwezi mzima ukiogopa lijalo, muone daktari au mwanasaikolojia. Ukipata mawazo ya kujiua, nenda leo.

Matibabu yapo na yanafanya kazi. Tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo huchukua wiki kadhaa, na humo utafundishwa hata kuuamsha moyo uende mbio kwa makusudi, kwa mfano kwa kupanda ngazi, hadi mwili uache kuuogopa mdundo wake. Dawa za kundi la sertralini huanza kuonyesha nafuu baada ya wiki mbili hadi sita, na siku za mwanzo zinaweza kukuongezea wasiwasi, ndiyo maana huanzishwa kwa dozi ndogo. Wengi huzitupa wiki ya kwanza kwa sababu hiyo. Rudi kwa daktari kabla hujaziacha, na uende na daftari lenye saa uliyolala, saa uliyoshtuka, dakika ilizochukua, na ulichokunywa jioni ile.