Ukaguzi wa karuseli kabla ya kuposti: makosa yanayokaa kati ya slaidi na slaidi

Karuseli ni posti moja ya Instagram yenye picha kadhaa ambazo msomaji anazitelezesha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Tangu 2024 posti moja inaweza kubeba hadi picha 20, ingawa zile tunazoziona kila siku hapa Dar, za mafunzo, saluni, viwanja na vifaa vya simu, nyingi hazizidi kumi. Orodha ya ukaguzi ni yale mambo yanayopitiwa kwa mpangilio baada ya mbunifu kusema "tayari" na kabla ya mtu yeyote kuposti.

Orodha hiyo ipo kwa sababu moja ya kiufundi. Ukishaposti, kapsheni unaweza kuirekebisha muda wowote, lakini picha iliyo ndani ya karuseli huwezi kuitoa na kuweka nyingine mahali pake. Unaweza kufuta slaidi moja, basi. Kama slaidi yenye kosa ndiyo yenye bei, kuifuta kunaacha tangazo lisilo na bei.

Wengi wanakagua karuseli kwa kuitelezesha kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakisoma kila slaidi kwa makini. Hivyo unapata makosa ya tahajia, lakini makosa mabaya zaidi yanapita. Slaidi ya 1 ikisomwa peke yake iko sawa, ya 5 nayo iko sawa. Tatizo ni kwamba hazikubaliani. Ndiyo maana mkaguzi mzuri hafuati slaidi. Anachukua jambo moja, tuseme tarehe, na kulifuata kila mahali linapotokea, kapsheni ikiwemo. Akimaliza anarudi mwanzo na bei. Kisha saa. Kisha namba ya simu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Sinza anafundisha kuoka keki, na mafunzo yake ni ya siku tatu mwezi Juni 2026. Mwaka uliopita alikuwa na mafunzo kama hayo, kwa hiyo kijana anayemtengenezea matangazo amefungua kazi ya 2025 kwenye Canva, akaitengenezea nakala na kuanza kubadilisha maneno. Ni njia ya kawaida, na inaokoa muda. Karuseli ina slaidi saba. Ya kwanza inasema "Jifunze kuoka keki, 12 hadi 14 Juni". Ya nne ni ratiba, na juu yake pameandikwa "Siku ya kwanza: Ijumaa 13 Juni, 9:00–3:00". Ya tano ni ada: "TSh 120,000. Ukilipa kabla ya 5 Juni ni TSh 95,000, unaokoa TSh 20,000". Kapsheni nayo inamalizia: "Punguzo ni hadi tarehe 5."

Kabla ya kugusa chochote, mkaguzi anatafuta ujumbe wa awali wa mwenye mafunzo, ule alioutuma mwenyewe WhatsApp au kuuzungumza kwa sauti, na kuandika pembeni mambo yote yanayoweza kuhesabika: tarehe, siku, saa, ada, mwisho wa punguzo, namba ya simu, namba ya malipo. Karatasi hiyo ndiyo kipimo. Ukilinganisha slaidi ya 1 na ya 4 bila karatasi, utajua kwamba moja imekosea, ila hutajua ni ipi.

Sasa afuate tarehe. Slaidi ya 1 inasema 12, ya 4 inasema 13. Hapa kalenda inasaidia kuliko macho. Juni 13 ilikuwa Ijumaa mwaka 2025. Mwaka 2026 Ijumaa ni tarehe 12. Mwaka wa kawaida una siku 365, yaani wiki 52 na siku moja, kwa hiyo tarehe ileile husogea siku moja mbele mwaka unaofuata, na ikipita Februari 29 husogea siku mbili. Tangazo lolote lililotokana na nakala ya mwaka jana linabeba mtego huu. Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kila tarehe iandikwe pamoja na siku yake, halafu zote mbili zifunguliwe kwenye kalenda ya simu. Siku na tarehe zikigombana, kuna kitu kimesahaulika kubadilishwa, na mara nyingi hakipo peke yake.

Ugumu wa kweli uko kwenye saa. "9:00–3:00" imetoka kwenye muundo uliotengenezwa kwa saa za Kizungu: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Lakini mtu wa Temeke anayesoma Kiswahili kwenye tangazo la Kiswahili ataisoma tisa hadi tatu. Na tisa hadi tatu inaleta maana kabisa: saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku, darasa la watu wanaotoka kazini mapema. Hakuna kinachomshtua. Atafika Sinza saa tisa kasoro na kukuta wenzake wanafunga vifaa. Kosa hili halionekani kwa mbunifu, kwa sababu kwake tarakimu ni sahihi, na halionekani kwa mwenye mafunzo, kwa sababu tayari anajua darasa lake linaanza saa ngapi. Dawa ni kuandika "saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri" kila mahali, bila nukta mbili na bila kuchanganya mifumo miwili ndani ya karuseli moja. Saa isiyo na neno la wakati pembeni yake irudishwe kwa mbunifu.

Kwenye ada, usisome tu, fanya hesabu. 120,000 ukitoa 95,000 inabaki 25,000, lakini slaidi inasema 20,000. Pengine mwaka jana ada ilikuwa nyingine na ile "unaokoa" ilibaki. Tarakimu yoyote inayotokana na tarakimu nyingine, kama punguzo, jumla, asilimia au idadi ya siku, ipigwe upya kwenye kikokotoo. Ni pamoja na vichwa vya aina ya "Mambo 7 ya kujua": hesabu kwa kidole uone kama yako saba. Jambo moja likiondolewa dakika za mwisho ili slaidi isijae, kichwa husahaulika.

Halafu kuna tofauti ndogo kati ya "kabla ya 5 Juni" na "hadi tarehe 5". Kwa ya kwanza, mwisho wa kulipa ni tarehe 4. Kwa ya pili, ni tarehe 5 yenyewe. Atakayelipa tarehe 5 saa mbili usiku ana haki ya kudai bei ya punguzo, na kapsheni iko upande wake.

Namba za simu na za malipo hazikaguliwi kwa macho. Ipige simu kutoka kwenye slaidi yenyewe, ukisoma tarakimu moja moja, uone nani anapokea. Kwa namba ya malipo, anza kana kwamba unalipa na usimame pale jina la mpokeaji linapotokea, kabla hujathibitisha. Jina likiwa la mtu mwingine, umeokoa ugomvi mkubwa.

Tahajia inakuja baada ya haya yote. Kikagua tahajia cha simu au kompyuta mara nyingi hakijui Kiswahili. Kinapiga mstari mwekundu chini ya kila neno, na mstari uliopo kila mahali haumwonyeshi mtu chochote. Ukisoma, anza na slaidi ya mwisho ukirudi nyuma, ili akili isiteleze na mtiririko. R na L ni za kuangaliwa, na H inayopotea mwanzoni mwa neno pia. Ila makosa yanayoumiza ni yale ambayo neno lililobaki ni neno halali. "Tunafungua saa 12" ikikosa herufi moja inakuwa "tunafunga saa 12". "Malipo hayarudishwi" na "malipo yanarudishwa" yanatofautiana kidogo machoni na sana mfukoni. Kila kitenzi cha kukanusha kisomwe kwa sauti.

Sasa maandishi yaliyokatwa. Karuseli kwa kawaida hufuata umbo la slaidi ya kwanza. Kama ya kwanza ni mraba wa 1080 kwa 1080 na nyingine ni ndefu za 1080 kwa 1350, hizo ndefu zinapoteza pikseli 270 za urefu, yaani 135 juu na 135 chini. Huko chini ndiko wabunifu wanakopenda kuweka namba ya simu. Ukaguzi ni rahisi: fungua faili zote na uangalie kama vipimo vinafanana. Kwenye ukurasa wa wasifu mambo ni tofauti kidogo. Tangu 2025 vijipicha vya pale vinaonyeshwa kwa uwiano wa 3 kwa 4, kwa hiyo slaidi ya kwanza ya 1080 kwa 1350 inakatwa kama pikseli 34 kila upande. Kichwa kilichobanwa hadi ukingoni kitapoteza herufi ya kwanza. Kona ya juu kulia nayo iachwe wazi, maana ndipo Instagram inapoweka alama ya "1/7".

Mtego mwingine uko kwenye namna kazi inavyoidhinishwa. Mbunifu anatuma slaidi saba WhatsApp, programu inazikusanya kama albamu, zinaonekana picha nne na ile ya nne imefunikwa na alama ya zilizobaki. Mteja anaangalia, anajibu "safi sana" bila kufungua ya tano, ambayo ndiyo yenye ada. Tuma slaidi za bei na tarehe moja moja, na uulize swali mahususi: "Dada, ada ya 95,000 mwisho wake ni tarehe 4 au 5?" Swali la namna hiyo haliwezi kujibiwa "safi sana".

Mwishoni mpe karuseli mtu ambaye hakuishughulikia kabisa. Usimwombe atafute makosa, kwa sababu atakwambia rangi hazimpendezi. Muulize angekuja siku gani, saa ngapi, wapi, na angebeba shilingi ngapi. Akisita popote, hapo pana kazi, hata kama kila neno limeandikwa sahihi.

Na kosa likionekana baada ya kuposti? Kama ni herufi iliyoruka, iache. Kama ni tarehe, saa, bei au namba ya malipo, na posti ina dakika chache tu, ifute uposti upya. Ikiwa watu wameshaanza kuuliza na kusambaziana, weka marekebisho kwenye mstari wa kwanza wa kapsheni, bandika maoni yenye taarifa sahihi juu kabisa, kisha mpigie mmoja mmoja kila aliyeshajiandikisha, kwa sababu aliyepiga picha ya skrini hatarudi kusoma kapsheni.