Kibubu cha kuongeza kila siku: anza na hesabu ya siku ya mwisho

Januari ikiingia, kwenye makundi ya WhatsApp huzunguka mpango wa akiba unaovutia: weka shilingi 100 tarehe mosi, kesho yake 200, keshokutwa 300, hivyo hivyo mpaka Desemba 31. Chini yake huandikwa jumla: shilingi 6,679,500. Watu wengi wanaofika kwenye dawati letu la elimu ya fedha hapa Dar es Salaam huuliza kama jumla hiyo ni ya kweli. Ni ya kweli. Tatizo lake liko kwingine.

Kwanza tuone inavyopatikana, maana hakuna haja ya kujumlisha namba 365 moja moja. Kiasi kinapopanda kwa hatua ileile kila siku, chukua siku ya kwanza na ya mwisho: 100 na 36,500 ni 36,600. Ya pili na ya pili kutoka mwisho: 200 na 36,400, tena 36,600. Kila jozi inatoa jibu hilohilo. Kwa hiyo jumla ni nusu ya idadi ya siku mara siku ya kwanza ukijumlisha na ya mwisho:

Jumla = (siku ÷ 2) × (kiasi cha kwanza + kiasi cha mwisho)

Sasa tumia kanuni hiyo kwa mwezi mmoja mmoja. Januari nzima utaweka shilingi 49,600. Desemba peke yake inadai shilingi 1,085,000, wakati wa sikukuu, na shule zikiwa karibu kufunguliwa. Ndiyo maana wengi huishia njiani hata kama wana nidhamu: mpango wenyewe umeuficha mzigo mwishoni. Ukigawanya muda wowote katikati, nusu ya pili hubeba takribani robo tatu ya fedha yote pale kiasi cha kwanza kinapolingana na nyongeza ya kila siku, kama hapa.

Mimi hushauri kupanga kinyumenyume. Tuseme mama lishe wa Buguruni anajua kwamba siku yake ya kawaida, baada ya kutoa mchele, mkaa, mafuta na nauli, haiwezi kuachia kibubu zaidi ya shilingi 5,000. Hicho ndicho kikomo cha siku ya mwisho. Anachagua siku 90, anaanza na 500. Kutoka 500 hadi 5,000 kuna 4,500 ya kupanda, na kati ya siku 90 kuna hatua 89, si 90 (hapa ndipo wengi hukosea). 4,500 gawanya kwa 89 ni 50 na ushee, basi nyongeza iwe 50. Siku ya 90 ataweka 500 + (89 × 50), yaani 4,950. Jumla ni 45 × 5,450, sawa na shilingi 245,250.

Tarehe ya kuanza nayo ina uzito. Akianza Machi 1, atamaliza Mei 29, na siku zake ngumu zitaangukia kwenye masika, wakati mvua inawafukuza wateja wa kula nje. Akianza Juni 1 atamaliza Agosti 29, katika kipindi kikavu. Asiye na budi kuanza Machi anaweza kugeuza mpango: aanze na 4,950 na kushuka kwa 50 kila siku. Jumla haibadiliki hata senti.

Sarafu za 50 zikisumbua, aweke kwa wiki. Wiki ya kwanza ni 4,550, ya pili 7,000, ya tatu 9,450. Kila wiki kamili inazidi iliyotangulia kwa 2,450, na siku sita zinazobaki mwishoni ni 28,950. Kwa anayetumia akaunti ya simu, hii pia inampunguzia safari za kwa wakala, ila aulize mapema ada ya kutoa, kwa kuwa itapunguza ile 245,250.

Siku ikirukwa, usiibebe juu ya inayofuata. Ukikosa siku ya 80, kesho yake utadaiwa 4,450 na 4,500 kwa mpigo, yaani 8,950, karibu mara mbili ya kikomo ulichojiwekea. Ni heri siku iliyokosekana isogezwe mwisho, mpango uwe wa siku 91.

Na kama hukumbuki uliruka lini, kibubu chenyewe kitasema. Mpaka siku ya 30 kinatakiwa kuwa na 15 × (500 + 1,950), yaani 36,750. Ukihesabu ukakuta 35,000, pengo ni 1,750. Kiasi hicho ni cha siku ya 26, ikiwa umeruka siku moja tu. Pengo likizidi 1,950, au likiwa si la siku yoyote kwenye mpango, basi umeruka zaidi ya siku moja, au kuna mkono mwingine unaochokonoa kibubu.