Je, wajua kamera ya home inaweza kuwa na jina moja hata IP ikibadilika kila siku?

"Nimefunga kamera home na nikiwa kazini naziangalia kwa simu kwa kuandika ile namba ya IP, shida umeme ukikatika tu ukirudi ile namba haifunguki tena mpaka nirudi nyumbani nikaangalie mpya. Nifanyeje?"

Hiyo namba sio yako, umeazimwa. Kampuni ya intaneti ina fungu la anwani, rauta ikiwaka inaomba moja, ikizimika ile anwani inaweza kupewa mteja mwingine, na ukiwasha tena unapewa iliyopo. Asubuhi ulikuwa 203.0.113.25, jioni uko 203.0.113.87. Anwani isiyobadilika ipo ila mara nyingi wanaitoza pembeni.

Dawa yake inaitwa DDNS. Ni kama kumsevu mtu kwenye simu: unatafuta jina, namba hata ukiikariri haina kazi. Tofauti ni kwamba huku kifaa chako chenyewe ndo kinapiga ripoti kwa seva ya majina kwamba "mimi kamera za nyumbani sasa hivi niko hapa", na seva inaangalia ripoti imetokea anwani gani inaiandika hiyo. Wewe kwenye simu unaandika jina tu.

Mi natumia DuckDNS, ni ya bure. Unaingia duckdns.org unachagua jina, tuseme kamerayangu, wanakupa tokeni ambayo ni kama nywila, usimpe mtu. Halafu kwenye kompyuta yoyote isiyozimwa home, mimi nina Raspberry Pi, unaandika crontab -e unaongeza mstari huu:

```
*/5 * * * * curl -s "https://www.duckdns.org/update?domains=kamerayangu&token=TOKENI_YAKO&ip=" > /home/pi/duck.log
```

Kila dakika 5 inapiga ripoti. Pale kwenye ip= pameachwa wazi makusudi ili seva yenyewe ione umetokea wapi. Fungua duck.log, ukikuta OK imepokelewa, ukikuta KO basi jina au tokeni umekosea. Kama huna kompyuta ya kuacha inawaka, ingia kwenye rauta au DVR yenyewe, yaani kile kisanduku kinachorekodi kamera, utafute menyu ya DDNS, nyingi zinayo.

Sasa jina peke yake linakufikisha getini tu. Rauta lazima iambiwe mgeni akigonga poti fulani apelekwe kwa DVR, hiyo ndo Port Forwarding, na DVR ipewe anwani ya ndani ya kudumu mfano 192.168.1.50, la sivyo siku moja itahama na wageni watapelekwa kwenye tivii. Na ukijaribu, zima waifai utumie bando, maana rauta nyingi hazikubali utoke ndani ujirudie mwenyewe kwa anwani ya nje, unaweza ukahangaika siku nzima na kitu kinachofanya kazi.

Kuna jirani yangu ana duka, alifuata yote haya, duck.log inasema OK, kamera hazifunguki. Tukaingia kwenye rauta yake, kwenye WAN IP imeandikwa 100.72.14.9. Nikaandika curl ifconfig.me kwenye kompyuta yake ikaja namba tofauti kabisa. Hapo ndo jibu lilipo. Anwani kuanzia 100.64 mpaka 100.127 zimetengwa kwa ajili ya kampuni kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, wanaita CGNAT, na laini za simu ziko hivyo sana. Jina lilikuwa sahihi kabisa ila lilikuwa linaelekeza kwenye geti la kampuni, na geti lile halijui DVR ya duka ni ipi. Kwa hiyo kabla hujaanza chochote linganisha hizo namba 2, zikitofautiana DDNS haitakusaidia. Jirani aliipigia kampuni akaomba anwani ya umma, wakampa, inabadilika vilevile lakini ni yake peke yake, na jina likaanza kufanya kazi siku hiyohiyo.

Kitu kimoja nakuomba sana, usifungue poti ya DVR moja kwa moja ukiwa na nywila ya kiwandani, kuna watu wanapita wanagonga kila anwani duniani. Mimi poti niliyofungua ni ya WireGuard tu, ni VPN ya kuingilia mtandao wa home kwa siri, 51820 ya UDP, naingia kwanza humo ndo naona kamera. Ila WireGuard inauliza jina mara moja tu inapowashwa, kwa hiyo umeme ukikatika home anwani ikabadilika, izime kwenye simu uiwashe tena ndo itaipata mpya.