Sukari ikishuka kidogo: umpe kiasi gani, na umpime tena lini?

Mama mkwe wangu hapa Arua anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi. Jana kabla ya chakula cha mchana alianza kutetemeka na kutoka jasho, mashine ikasoma 3.2. Nilimpa sukari ya kulamba bila kupima. Nilitakiwa kumpa kiasi gani?

Gramu 15 za sukari inayoingia damuni haraka. Kwa sukari ya kawaida ya dukani ni vijiko 4 vya chai, kila kimoja kikiwa kimesawazishwa juu kwa kisu au kwa kidole, kwa sababu kijiko cha namna hiyo kina gramu 4 hivi. Kijiko kilichojazwa hadi kikawa na kichuguu kinaweza kubeba mara moja na nusu ya hiyo, ndiyo maana "nilimpa vijiko vinne" ya nyumba moja haiwi sawa na ya nyumba nyingine.

Usimpe ya kulamba. Iweke kwenye nusu glasi ya maji safi ambayo si ya moto, ukoroge mpaka usione chembe chini, kisha anywe yote kwa mkupuo mmoja au miwili. Angalia glasi akishamaliza. Ukiona sukari imelala chini, hiyo ni sehemu ya dawa ambayo hakuipata: ongeza maji kidogo, koroga, anywe. Chai ya moto haifai kwa kazi hii. Anainywa kwa kupuliza na kusubiri, na dakika zinakwenda.

Kama kuna soda, chupa ya kioo ya mililita 300 ina takriban gramu 32 za sukari, kwa hiyo nusu chupa inatosha. Iwe soda ya kawaida. Ile iliyoandikwa kwamba haina sukari haisaidii kitu, na kosa hili ni la kawaida kwenye nyumba za wenye kisukari, kwa sababu mara nyingi ndiyo soda pekee inayowekwa ndani. Asali, kijiko kimoja cha mezani, nayo inafika kiasi hicho.

Watu hapa wanasema apewe muwa atafune, au karanga na maziwa. Si vyote vinaleta nguvu?

Muwa una sukari ya kutosha, lakini mtu anayetetemeka atatafuna vipande vingapi kabla hajafikisha gramu 15? Na hutajua amemeza kiasi gani. Karanga, maziwa yenye mafuta na chokoleti vina tatizo lingine: mafuta huchelewesha chakula kutoka tumboni, na sukari hainyonywi mpaka ifike kwenye utumbo mwembamba. Hivyo ni vya baadaye.

Duka la dawa lina jeli ya glukosi kwenye tyubu. Ni bora kuliko sukari? Nampaka ndani ya shavu?

Glukosi inafanya kazi haraka kidogo kuliko sukari ya mezani, kwa sababu sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi, na lazima kwanza ivunjwe. Tofauti ni ndogo. Kama huna jeli, usitume mtu dukani wakati sukari ipo jikoni.

Ukiinunua, soma maandishi ya tyubu. Uzito wa tyubu si uzito wa glukosi. Jeli ya asilimia 40 kwenye tyubu ya gramu 25 ina gramu 10 tu za glukosi, kwa hiyo mtu mzima anahitaji tyubu moja na nusu. Nyingine zina gramu 15 kamili, na hapo moja inatosha. Unga wa glukosi wa kopo au pakiti ni hivyohivyo. Ni mwepesi kuliko sukari, na kijiko chake hubeba gramu chache kuliko cha sukari, kwa hiyo fuata kipimo kilichoandikwa mpaka ufikishe gramu 15.

Kuhusu shavu: jeli iliyopakwa na kuachwa mdomoni huingia damuni kidogo mno. Inafanya kazi ikimezwa. Mkamulie mdomoni, ameze, kisha anywe maji ili iliyonata kwenye fizi na koo ishuke.

Nimpime tena lini? Jana nilimpima baada ya dakika tano, bado ilikuwa chini, nikaogopa nikampa tena.

Baada ya dakika 15, na uangalie saa, kwa sababu ukiwa na hofu dakika tano huonekana nyingi. Sukari ikishamezwa inapaswa kutoka tumboni, kuingia utumbo mwembamba, kunyonywa, ndipo ionekane kwenye kidole. Ukipima mapema unasoma damu ya kabla ya sukari. Unaongeza, kisha dozi mbili za sukari zinafika pamoja, na baadaye mnashangaa mashine kusoma juu mno.

Dakika 15 zikifika na kipimo bado kiko chini ya 4.0 mmol/L, rudia gramu 15 zilezile na usubiri dakika 15 nyingine. Kwa mtu mzima, gramu 15 za glukosi hupandisha sukari kwa takriban 2 mmol/L, ila insulini ikiwa katikati ya kazi yake kupanda huko huwa kudogo. Baada ya kurudia mara tatu bila kufika 4.0, mpeleke kituo cha afya huku akiendelea kunywa kitu kitamu njiani.

Mashine yako ikisoma kwa mg/dL, gawanya kwa 18. Namba 70 kwenye mashine hiyo ni sawa na 3.9.

Dalili zisikuamulie. Mtu anaweza kuendelea kutetemeka na kusikia moyo ukimwenda mbio hata baada ya sukari kurudi juu, kwa sababu homoni zilizomwagwa wakati wa kushuka bado zimo mwilini.

Basi sikiliza: baada ya zile dakika 15 mashine ilisoma 11.8, dakika chache baadaye ikasoma 3.7. Mashine imeharibika?

Kwanza uliza kidole kilikuwa kimegusa nini. Alilamba sukari kutoka mkononi, kisha mkatoboa mkono huohuo. Chembe zisizoonekana zikiyeyuka kwenye tone la damu hupandisha kipimo sana, maana tone lenyewe ni dogo mno. Kuna uwezekano mkubwa kwamba 11.8 ilikuwa sukari ya kwenye ngozi, na 3.7 ndiyo damu yake.

Kosa hili ni la hatari kuliko yote tuliyoyataja, kwa sababu linakuja saa ile unayotaka kusikia habari njema. Ungeamini 11.8, ungemwacha akiwa bado chini, na pengine mngeanza kufikiria kuongeza insulini.

Kwa hiyo kabla ya kipimo cha pili anawe mikono kwa maji na sabuni, aikaushe vizuri, kisha mtoboe upande wa ncha ya kidole cha mkono ambao haukushika sukari. Pamba yenye spiriti peke yake haitoshi kuondoa sukari au utomvu wa embe. Kama hakuna maji ya kunawa, futa tone la kwanza kwa pamba kavu na upime la pili, bila kukamua kidole kwa nguvu. Namba isiyoeleweka ipime tena kwenye kidole kingine.

Tukiipanga siku yake upya, ingekuwa hivi. Alichoma insulini saa 1 asubuhi, akanywa chai kwa muhogo kidogo, akaenda sokoni. Saa 5:30 akasoma 3.2, kwa sababu ile sehemu ya insulini ya mchanganyiko inayofanya kazi polepole huanza kuwa na nguvu takriban saa nne baada ya kuchomwa, na chakula cha asubuhi kilikuwa kimekwisha. Hapo vijiko 4 kwenye maji. Saa 5:45, mikono ikiwa imenawiwa, 3.7. Vijiko 4 tena. Tuseme saa 6:00 inasoma 4.9: sukari inaishia hapo, chakula kinaanza.

Chakula gani, na insulini ya jioni tuiache?

Ikiwa mlo wa mchana uko tayari, ale sasa hivi. Kama bado zaidi ya saa moja, ale kitu chenye wanga: ndizi mbivu, kipande cha mkate au nusu chapati. Sukari ile uliyompa inapanda haraka na kwisha haraka, na insulini ya asubuhi bado inafanya kazi mchana wote. Asipokula, saa 7:30 mnaweza kurudi palepale.

Insulini ya jioni msiiache kwa uamuzi wenu wenyewe. Pimeni kabla ya kuichoma, na mpeleke namba za siku hiyo kliniki, maana kushuka mara kwa mara wakati uleule kunamwonyesha mhudumu dozi ipi ya kurekebisha.

Mjukuu wake wa miaka sita naye anachoma insulini. Kipimo ni kilekile?

Hapana. Kwa mtoto ni gramu 0.3 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 20 anahitaji gramu 6, yaani kijiko kimoja na nusu cha chai. Mwenye kilo 30 ni gramu 9, vijiko viwili na kidogo. Kusubiri ni dakika 15 zilezile. Mtoto mchanga ni jambo la kituo cha afya.

Nitajuaje kwamba kushuka kwake si kidogo tena?

Kwa kumtazama kuliko kwa namba. Anaketi wima, anajibu unachomuuliza, na ukimpa maji kidogo anameza bila kukohoa: hapo sukari ya mdomoni ni salama. Akiwa amelegea, hajui yuko wapi, ana degedege, au maji yanamtoka pembeni mwa mdomo, usimtie kitu chochote kinywani, hata jeli, kwa sababu kinaweza kuingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu na mkimbize hospitali.

Chini ya 3.0 anza kumpa mara moja na usikae mbali naye. Mashine ikiandika LO, sukari iko chini kuliko inavyoweza kupima. Kama bado anameza, mpe sukari papo hapo, na safari ya hospitali iandaliwe wakati huohuo.

Kwa jirani mwenye vidonge vya glibenklamidi ni tofauti: vinaendelea kuisukuma kongosho itoe insulini kwa saa nyingi, zaidi kwa mzee au mwenye figo dhaifu. Hata akipanda hadi 6 baada ya sukari, anaweza kushuka tena usiku akiwa amelala. Huyo mpe gramu 15, mpime, mlishe, kisha mpeleke akaangaliwe siku hiyohiyo.