Je, wajua? Rangi ya nywele ikikwenda mrama, saluni irekebishe nini na urudi lini

"Nilitaka rangi ya asali kwa harusi ya ndugu yangu hapa Mombasa, nimetoka saluni na kichwa cha chungwa. Je, naweza kurudi wanitengenezee bure, au nikishalipa ndiyo basi?"

Rudi, tena mapema. Piga simu siku hiyohiyo au kesho yake, na uwe umekaa kwenye kiti cha fundi kabla wiki haijaisha. Saluni nyingi zinazojali jina lao hurekebisha rangi bila malipo mteja akirudi ndani ya siku 7, nyingine hungoja hadi 14. Lakini si kila chungwa ni kosa la fundi, na si kila chungwa hutibika kwa siku moja. Kabla hujavaa buibui kwenda kudai, ni vizuri ujue hilo lako ni la aina gani.

Nywele nyeusi hazina rangi moja ndani. Kuna rangi ya giza, ambayo ndiyo nyingi, na chini yake kuna wekundu na manjano. Blichi huivunja ile ya giza kwanza, na wekundu hubaki uking'ang'ania. Kwa hiyo nywele zikipanda kuelekea mwangaza hupita njia ileile kila mara: nyekundu iliyoiva, nyekundu ya chungwa, chungwa, manjano ya kiini cha yai, halafu manjano hafifu kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Mafundi huhesabu ngazi hizo kwa namba, 1 ikiwa nyeusi kabisa na 10 nyeupe kuliko zote. Wengi wetu tunaanzia 1 au 2. Asali iko 7 au 8. Na ukifika 7, kilichoko chini ni chungwa.

Maana yake fundi aliyeona chungwa katikati ya kazi hajakosea kitu. Kosa ni kuliacha hapo. Baada ya kuosha blichi huja tona, rangi nyepesi inayozima joto lililobaki: yenye asili ya buluu huzima chungwa, ya zambarau huzima manjano. Tona ikikosewa, ikiwahi kuoshwa, au isipopakwa kabisa kwa sababu wateja wamejaa benchi, unarudi nyumbani na kile ulichokiona kichwani kwako.

Tuseme ni dada wa Tudor, nywele zake ni asilia, hazijatiwa dawa, zinafika mabegani. Ameonyesha picha kwenye simu, fundi akamwambia "hiyo inatoka leo leo", akalipa shilingi 5,000. Mle saluni pazia limeteremshwa, kama inavyopasa kwa wanaojistiri, na juu kuna taa ya manjano. Chini ya taa ile chungwa huonekana asali. Kesho yake saa nne asubuhi anatoka uani, anavua mtandio, na kioo kinamwambia mengine.

Hapo uani ndipo mahali pa kufanyia ukaguzi, nywele zikiwa kavu. Agawe kichwa mafungu manne na atazame kila njia. Kama chungwa limekaa sawa kutoka shina hadi ncha, tatizo ni tona. Kama shina limeng'aa manjano na urefu uliobaki ni chungwa, fundi alianza kupaka blichi kwenye ngozi. Joto la kichwa huiharakisha, ndiyo maana hutakiwa aanze katikati ya nywele na kurudi shinani mwishoni. Na kama kuna madoa meusi, hasa nyuma karibu na kisogo, hapo blichi haikufika au ilipakwa kiduchu. Yote matatu ni kazi ya fundi, na kuyatengeneza bila malipo ni haki wala si hisani. Apige picha hapohapo kwenye mwanga wa jua, asitumie zile programu za kung'arisha.

Ujumbe wenyewe hauhitaji ukali. Aandike hivi: "Asalaam aleikum dada. Ile rangi ya jana nimeitazama juani, imetoka chungwa na shina limekuwa manjano, nimekutumia picha. Tulikubaliana asali kama ile picha niliyokuonyesha. Nije lini uniwekee sawa?" Maneno hayo yamebeba vitu vitatu ambavyo fundi hawezi kuvikwepa: lini, tatizo gani, na mlikubaliana nini. Kumwambia tu "sijaipenda" ni kumpa mwanya, kwani kutopenda rangi uliyoichagua mwenyewe, ikatoka ileile, si kosa la mtu. Hapo utalipa, na ni sawa ulipe.

Akirudi, marekebisho ya chungwa lililokaa sawa hayachukui hata nusu ya muda wa kazi ya kwanza. Nywele huoshwa kwa shampuu laini, hukaushwa kwa taulo, kisha hupakwa tona ya ngazi 7 yenye asili ya buluu, iliyochanganywa na peroksaidi dhaifu, volyumu 10 au chini ya hapo. Fundi anayejua kazi haweki saa akaenda kunywa chai. Kila dakika tano anafuta unywele mmoja aone umefikia wapi, na mara nyingi dakika 20 hazimaliziki. Shina lililong'aa hupakwa peke yake kwanza, rangi iliyo giza kidogo, upana wa vidole viwili. Madoa meusi ndiyo yenye kazi, kwa sababu ni lazima yapakwe blichi yenyewe tu bila kugusa jirani zake.

Sasa kuna chungwa la pili, na hili ndilo huzua ugomvi. Nywele zikiwa hazikupanda hata kufika 7, zimekwama kwenye 5 au 6, tona haitakupa asali. Tona haipandishi nywele. Huzima joto na kuzifanya ziwe giza kidogo. Ukiiweka juu ya nyekundu ya chungwa utapata kahawia, pengine kahawia nzuri ya karameli, lakini si ile picha. Kutoka hapo njia ni mbili: kuikubali karameli, au kungoja angalau wiki mbili, huku nywele zikipewa kondishina ya nguvu, ndipo blichi ipite mara ya pili.

Nani alipe hiyo ya pili? Nionavyo, jibu liko kwenye maneno ya kwanza kabisa. Fundi akisema tangu mwanzo "dada, nywele zako ni nyeusi, hii itataka mara mbili", basi mara ya pili ni kazi mpya na ina bei yake. Akisema "inatoka leo leo", kama kwa dada wetu wa Tudor, kazi ya mikono ni deni lake. Dawa mnaweza kupatana mgawane. Mafundi wengine hawatapenda nikisema hivi, lakini aliyeahidi ndiye aliyeziona nywele zikiwa bado nyeusi.

Hata kama ni bure, usikubali blichi ya pili kabla ya kupima unywele. Lowesha unywele mmoja uliokatika kwenye kitana, uvute taratibu. Ulio mzima hunyooka kidogo na kurudi. Ukinyooka usirudi, au ukikatika papo hapo, nywele hazibebi blichi nyingine, na fundi anayekulazimisha anatibu aibu yake kwa kichwa chako. Zilizotiwa dawa ya kulainisha hufika hapo upesi zaidi. Ikiwa ngozi imetoka malengelenge au inatoa majimaji, hilo si la saluni tena, ni la hospitali.

Upande wa mteja nao una wajibu wake, na kwetu Pwani mkubwa ni hina. Hina safi ya majani haigombani na blichi, ila huacha wekundu unaokataa kutoka. Hatari iko kwenye zile za pakiti zilizochanganywa chumvi za madini: zikikutana na peroksaidi zinaweza kupata moto hadi nywele zikakatika. Anayeficha kwamba alipaka hina miezi sita iliyopita, au kwamba chini kuna rangi nyeusi ya dukani, hana nguvu ya kudai bure. Urefu wa nywele huweka kumbukumbu. Kilichopakwa mwaka jana bado kiko kule nchani.

Na kati ya siku ulipotoka saluni na siku utakaporudi, usiguse kitu. Zaidi ya yote usinunue pakiti ya rangi nyeusi ufunike. Rangi nyeusi ya dukani ni ngumu kuitoa kuliko chungwa, na ukishaipaka fundi ana haki ya kusema hii si kazi yake tena. Acha bahari na kidimbwi cha kuogelea hadi baadaye. Wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi waoshee ya mfereji wakiyapata, kwani madini ya kisimani hukaa juu ya unywele na kuharibu tona.

Kudai pesa zote zirudishwe huja mwisho. Kwanza fundi apewe nafasi moja ya kurekebisha, na kama humwamini tena unaweza kuomba mwenzake wa saluni hiyohiyo. Akikataa, au akirudia ikaharibika zaidi, dai sehemu inayolingana na kazi iliyokosewa. Katiba ya Kenya, ibara ya 46, inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Kwa tona ya chungwa sioni mtu akifika huko. Kwa nywele zilizokatika kichwa kizima, picha zile za uani na ule ujumbe wa kwanza ndio ushahidi wako.

Baada ya wiki nne au sita hali hubadilika. Tona ni rangi ya kupita, huoshwa polepole, na joto la chini huchungulia tena hata kwa kazi iliyofanywa vizuri. Hayo ni matunzo ya kulipia. Na kama harusi ni Jumamosi, marekebisho yafanyike Jumanne au Jumatano, si Ijumaa usiku: tona mpya huonekana giza siku za kwanza, na huhitaji kuoshwa mara moja au mbili ndipo itulie kwenye asali.