Usituandikie "uk. 52", tuandikie sura, aya na tafsiri ya nani

Mie kazi yangu ni maktaba ya chuo hapa Mombasa, na msimu wa tasnifu ukifika meza yangu hujaa wanafunzi wanaotaka waangaliziwe referensi kabla supavaiza hajazirudisha. Juzi kaja kijana wa Kisauni, kazi yake nzuri tu, lakini Ayatul Kursiy kaiandikia "Qurani, uk. 52" basi. Nikachukua nakala yetu nikafungua ukurasa huo, hamna Ayatul Kursiy. Akaniambia, "Lakini Bi, kwangu iko hapo hapo, nimeiona kwa macho yangu."

Na kweli iko, hasemi uongo, shida ni kwamba ukurasa ni wa kitabu alichoshika yeye. Tafsiri moja hiyo hiyo huchapishwa kubwa, ndogo, yenye Kiarabu pembeni na isiyo na Kiarabu, na kila moja kurasa zake zinaenda kivyake, na ukiwa unasoma kwa apu ya simu ndio kabisa, ukurasa haupo. Sura na aya ziko ndani ya maandishi yenyewe, ukihama chapa hazikukimbii.

Sasa nikamwambia aandike 2:255, yaani sura ya pili, aya ya 255. Akanionyesha simu, ana picha ya ukurasa alopigiwa na rafiki yake, na pale Ayatul Kursiy imeandikwa 256! Akadhani ni makosa ya chapa. Si makosa. Ile ilikuwa tafsiri ya Sheikh Mubarak Ahmad ya mwaka 1953, ya Waahmadiyya, na wao Bismillahi iliyo mwanzo wa sura wanaihesabu kuwa aya ya kwanza, kwa hiyo aya zote zinazofuata zinasogea moja mbele. Mjadala wa madhehebu tuuwache kando, hapa tunazungumzia namba tu. Lakini tizama madhara yake: ukinakili 2:256 kutoka kwa hiyo, halafu msomaji wako akafungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, atakuta aya ya kutolazimishana katika dini. Aya mashuhuri vilevile, tena inasomeka vizuri tu, kwa hiyo anaweza hata asishtuke kwamba umempeleka kwengine.

Njia rahisi ya kujua nakala yako inahesabu vipi ni kufungua sura ya 112, Ikhlas. Ikiwa ina aya 4 basi ni hesabu ya kawaida tuliyozoea, ikiwa 5 ujue Bismillahi imehesabiwa. Usijaribu kwa Fatiha, kwa sababu kwenye hesabu ya kawaida pia Bismillahi ya Fatiha ni aya ya kwanza, wala kwa sura ya 9, hio haina Bismillahi mwanzoni.

Ndio maana namba peke yake haitoshi, lazima jina la mfasiri liwepo. Kijana wetu mwisho aliandika hivi: (Qurani 2:255, tafsiri ya al-Farsy), na kwa sababu kazi yake yote anatumia al-Farsy, mara ya kwanza akasema hivyo wazi, zilizobaki anaweka namba tu, akibadilisha tafsiri pahala popote anataja tena.

Wenzetu wa Biblia nao msidhani mmepona. Zaburi ya mchungaji ni ya 23 kwenye Biblia zetu za Kiswahili, lakini kwenye vitabu vya zamani vilivyofuata Kilatini ni ya 22, manake kule Zaburi ya 9 na ya 10 zimeunganishwa kuwa moja. Na maneno nayo yanabadilika: tafsiri ya Union ya 1952 inasema "Bwana" pale ambapo Habari Njema inasema "Mwenyezi-Mungu", sasa kama hoja yako yote imesimama juu ya neno hilo moja na hukusema umetoa wapi, supavaiza atakuuliza na atakuwa na haki.

Kuna pahala pamoja ukurasa unaruhusiwa, na hapa wengi hukosea upande wa pili. Maneno ya mfasiri mwenyewe si aya. Al-Farsy ana utangulizi na ana maelezo chini ya aya, ukinukuu utangulizi hapo hakuna sura wala aya ya kushika, basi andika ukurasa na mwaka wa chapa uliyonayo mkononi. Ukinukuu maelezo yake ya chini, andika "al-Farsy, maelezo ya 2:255", usiandike Qurani 2:255 peke yake, kwa sababu hapo utakuwa umeifanya sharhi ya Sheikh kuwa ni aya.